Ibn al-Haytham na Namba 301

Tafuta namba ambayo ukiigawanya kwa 2 inabaki 1, ukiigawanya kwa 3 inabaki 1, na vivyo hivyo kwa 4, kwa 5 na kwa 6. Lakini ukiigawanya kwa 7 haibaki kitu. Swali hili lina umri wa zaidi ya miaka elfu moja. Miongoni mwa walioliandikia risala ni mtu ambaye wengi wetu tunamjua kwa habari za macho na mwanga tu: Abu Ali al-Hasan ibn al-Hasan ibn al-Haytham, ambaye Wazungu walimwita Alhazen. Katika makala hii tutapita maisha yake kwa ufupi, kisha tukae zaidi na risala hiyo ndogo, kwa sababu ndani yake mna njia ya kufikiri ambayo mwanafunzi anaihitaji kila anapokutana na maswali ya baki na mgawanyo.

Kutoka Basra hadi Misri

Ibn al-Haytham alizaliwa Basra, kusini mwa Iraki, mwaka 354 Hijria, sawa na 965 Miladia. Alisoma dini, falsafa, hesabu na elimu ya nyota, na sifa zake zikavuka mipaka ya Iraki. Waandishi wa wasifu, hasa Ibn al-Qifti aliyefariki mwaka 1248, wanasimulia kwamba alipokuwa bado kwao alidai kuwa lau angekuwa Misri angeweza kuyatengeneza maji ya Mto Nile yakawa na manufaa wakati wa mafuriko na wakati wa ukame pia. Maneno hayo yalimfikia al-Hakim, khalifa wa Kifatimi aliyetawala kutoka Kairo kuanzia mwaka 996. Khalifa akamwita, akampokea kwa heshima, akampa mafundi na vifaa, akamwambia aende akafanye alilolisema.

Mto wenyewe ni huu huu ambao msomaji wa Uganda anauona ukitoka ziwani pale Jinja. Ibn al-Haytham aliufuata upande wa kusini mpaka kwenye maporomoko karibu na Aswan, mahali palipoitwa al-Janadil. Njiani alikuwa akitazama mahekalu na majengo ya Wamisri wa kale, jinsi yalivyopimwa kwa usahihi mkubwa. Akajiuliza: watu waliokuwa na ujuzi huu, kama jambo hili lingewezekana, wangeliachaje? Alipofika Aswan akapachunguza, akaona kwamba mpango wake haukufaa. Akarudi Kairo na kukiri mbele ya khalifa kuwa ameshindwa.

Al-Hakim hakumwadhibu papo hapo. Alimpa kazi katika ofisi ya serikali. Lakini khalifa huyo alijulikana kwa kugeuka ghafla na kumwaga damu kwa sababu ndogo, na Ibn al-Haytham akahofia maisha yake. Kwa mujibu wa Ibn al-Qifti, alijifanya amerukwa na akili. Mali yake ikatwaliwa, akawekewa wasimamizi, akafungiwa nyumbani. Hali hiyo iliendelea mpaka al-Hakim alipotoweka mwaka 1021. Hapo akadhihirisha kuwa mzima, akahamia karibu na mlango wa msikiti wa al-Azhar, akaishi kwa kunakili vitabu. Inasimuliwa kwamba kila mwaka alinakili kitabu cha Euklidi cha jometria, Almajesti ya Batlamyus na mkusanyo wa vitabu vya hesabu vilivyosomwa baina ya hivyo viwili, akaviuza kwa dinari 150, na fedha hizo zikamtosha kwa mwaka mzima.

Mtu huyo aliyelipa gharama kubwa kwa kudai jambo kabla ya kulipima ndiye aliyeandika Kitab al-Manazir, kitabu chenye sehemu saba juu ya kuona na mwanga, ambamo hakubali dai mpaka lijaribiwe. Na ndiye aliyeandika risala fupi juu ya namba yetu.

Kwanza tuitafute wenyewe

Kabla ya kuona alivyofanya yeye, ni vizuri tuitafute namba hiyo kwa vipimo tulivyofundishwa shuleni. Vipimo hivi tulivikariri kama kanuni za kusema ndiyo au siyo: inagawanyika au haigawanyiki. Kumbe vingi vinasema zaidi ya hapo, vinataja baki yenyewe. Ukijumlisha tarakimu za namba, jumla hiyo ukiigawanya kwa 3 inabakisha kile kile ambacho namba yenyewe ingebakisha. Sababu ni nyepesi: 10 ukiigawanya kwa 3 inabaki 1, 100 inabaki 1, 1000 inabaki 1. Kwa hiyo kila tarakimu, iwe mahali pa makumi au mamia, inachangia katika baki thamani yake yenyewe tu. Kwa 4 hali ni nyingine: 100 inagawanyika kwa 4 bila baki, kwa hiyo mamia na maelfu hayachangii chochote, na tunatazama tarakimu mbili za mwisho peke yake. Kwa 2 na kwa 5, hata makumi hayachangii, tunatazama tarakimu ya mwisho tu.

Sasa tuanze na 5. Namba inayobakisha 1 ikigawanywa kwa 5 lazima iishie na 1 au 6. Sharti la 2 linataka namba iwe witiri, si shufwa (maneno yale yale tunayoyasoma katika Suratul Fajr), kwa hiyo 6 inatoka. Tumeshajua jambo moja: namba yetu inaishia na 1.

Namba hiyo pia ni kigawe cha 7. Tuandike tarakimu za mwisho za vigawe vya 7 kwa mpangilio: 7, 4, 1, 8, 5, 2, 9, 6, 3, 0, kisha tunarudi 7, 4, 1 na kuendelea. Huu ni mzunguko wa hatua kumi, na ndani yake tarakimu 1 inatokea mara moja tu, hatua ya tatu. Kwa hiyo tunaohitaji kuwachunguza ni 7 × 3, 7 × 13, 7 × 23, 7 × 33, 7 × 43 na wenzao, yaani 21, 91, 161, 231, 301, kila mmoja akimzidi aliyemtangulia kwa 70. Badala ya kujaribu namba mia tatu, tumebaki na tano.

Tuwapitishe kwenye sharti la 4. Tarakimu mbili za mwisho za 21 ni 21, na inabaki 1, imepita. Za 91 zinabakisha 3, imeanguka. Za 161 ni 61, inabaki 1, imepita. Za 231 ni 31, inabaki 3, imeanguka. Za 301 ni 01, inabaki 1, imepita. Unaona mzunguko mwingine hapa, wa hatua mbili: anapita mmoja, anaanguka mmoja.

Waliobaki ni 21, 161 na 301, na sharti la 3 linawahukumu kwa jumla ya tarakimu. Tarakimu za 21 zinafanya 3, baki ni sifuri. Za 161 zinafanya 8, baki ni 2. Za 301 zinafanya 4, baki ni 1. Namba yetu ni 301.

Je, sharti la 6 tumelisahau? Hapana. Namba witiri ukiigawanya kwa 6 inabaki 1, 3 au 5. Kati ya hizo, ni 1 peke yake inayobakisha 1 kwa 3. Kwa hiyo aliyetimiza sharti la 2 na la 3 ameshatimiza la 6 bila kupimwa.

Njia mbili za Ibn al-Haytham

Ibn al-Haytham alitoa njia mbili, na tofauti yake ndiyo yenye faida kwetu.

Njia ya kwanza ni fupi ajabu. Zidisha 1 × 2 × 3 × 4 × 5 × 6, upate 720. Ongeza 1, upate 721. Kwa kuwa 720 inagawanyika kwa kila namba kuanzia 2 hadi 6, bila shaka 721 itabakisha 1 kwa kila mojawapo. Na kwa 7? Tupime: toa tarakimu ya mwisho, 1, izidishe mara mbili, kisha itoe katika 72 iliyobaki. Tunapata 70, ambayo ni kigawe cha 7. Kweli, 721 ni 7 × 103.

Mtu anaweza kudhani kuwa hiyo ni bahati. Ibn al-Haytham alisema si bahati: kila namba tasa ina sifa hii, kwamba ukizidisha namba zote zilizo chini yake kisha ukaongeza 1, unapata namba inayogawanyika kwa hiyo namba tasa. Jaribu 5: 1 × 2 × 3 × 4 ni 24, ukiongeza 1 ni 25. Huko Uingereza jambo hili lilichapishwa mwaka 1770 kwa jina la John Wilson, mwanafunzi wa Cambridge, na vitabu vyetu bado vinaliita kanuni ya Wilson. Uthibitisho wa kwanza kuchapishwa ulikuwa wa Lagrange, muda mfupi baadaye. Ibn al-Haytham alikuwa ameshalitaja zaidi ya miaka 700 kabla yao.

Leo tunaweza kuona sababu yake kwa baki. Chukua namba 1 hadi 6 na uzitazame kwa jicho la 7. Mbili mara 4 ni 8, inabaki 1. Tatu mara 5 ni 15, inabaki 1. Kila mmoja amepata mwenzake, wakamalizana wakabakisha 1. Waliokosa mwenza ni 1 na 6. Kwa hiyo zao lote, 720, linabakisha 6, na ukiongeza 1 unapata 7 kamili, yaani hakuna baki.

Njia hii ina mpaka wake, nao ni ule aliouweka mwenyewe: namba iwe tasa. Jaribu 9. Zao la 1 hadi 8 ni 40320, ukiongeza 1 ni 40321. Jumla ya tarakimu ni 10, na kwa 9 inabaki 1. Haigawanyiki. Kilichoharibu ni kwamba 3 na 6 zimo ndani ya zao na zinaleta 9 mapema, kwa hiyo 40320 haibakishi kitu, na ile 1 tuliyoiongeza inabaki peke yake.

Lakini 721 si namba ndogo kuliko zote, maana sisi tulipata 301. Hapo ndipo inapokuja njia ya pili. Ili namba igawanyike kwa 2, 3, 4, 5 na 6, haihitaji kuwa 720. Inatosha kigawe kidogo cha shirika cha namba hizo, nacho ni 60. Kwa hiyo kila jibu ni kigawe cha 60 kilichoongezwa 1: 61, 121, 181, 241, 301 na kuendelea. Sasa tunauliza ni ipi kati ya hizo inagawanyika kwa 7. Sitini kwa 7 inabaki 4, hivyo 61 inabaki 5. Kila tunapoongeza 60 tunaongeza 4 kwenye baki, na tukizidi 7 tunapunguza 7. Baki zinafuatana hivi: 5, 2, 6, 3, 0. Ya tano ndiyo sifuri, na ya tano ni 301.

Tukiendelea, mzunguko huu wa baki una hatua saba, kwa hiyo sifuri itarudi baada ya kuongeza 60 mara saba, yaani 420. Majibu ni 301, 721, 1141, 1561, na hayana mwisho. Tazama kwamba 721 ya njia ya kwanza ni jibu la pili katika safu hii. Njia ya kwanza inatoa jibu moja sahihi. Njia ya pili inatoa majibu yote na kuonyesha lipi ni dogo. Kwenye mtihani swali linaposema tafuta namba ndogo kuliko zote, kutofautisha njia hizi mbili ndiko kunakoleta au kunakokosesha alama.

Hapa pia ndipo wengi wanapoteleza. Tunajua kuwa namba inayogawanyika kwa 2 na kwa 3 inagawanyika kwa 6, basi tunadhani inayogawanyika kwa 4 na kwa 6 itagawanyika kwa 24. Si kweli: 12 inagawanyika kwa 4 na kwa 6, na ni ndogo kuliko hiyo 24. Kuzidisha kunafaa tu pale ambapo namba mbili hazina kigawo cha pamoja zaidi ya 1. Nne na sita zote zina 2 ndani yake, na tukizidisha tunaihesabu 2 hiyo mara mbili. Ndiyo sababu 720 ilikuwa kubwa kupita kiasi na 60 ikatosha.

Mzunguko wa tarakimu ya mwisho

Ibn al-Haytham alishughulika pia na namba ambazo Wagiriki waliziita timilifu: namba ambayo vigawo vyake, ukiiacha yenyewe, vinajumlika kuwa yenyewe. Ya kwanza ni 6, kwa sababu 1 + 2 + 3 ni 6. Ya pili ni 28, kwa sababu 1 + 2 + 4 + 7 + 14 ni 28. Zinazofuata ni 496 na 8128. Euklidi alikuwa ameonyesha namna ya kuzitengeneza: chukua 2 uizidishe kwa yenyewe mara kadhaa, toa 1, na ukipata namba tasa, izidishe kwa nusu ya ile uliyoitoa 1. Kwa mfano 8 toa 1 ni 7, ambayo ni tasa. 7 mara 4 ni 28. Ibn al-Haytham alijaribu kuthibitisha upande wa pili, kwamba kila namba timilifu ya shufwa inatoka katika kanuni hiyo na si kwingine. Uthibitisho wake haukukamilika. Aliyeukamilisha ni Euler, katika karne ya 18. Lakini swali lilikuwa sahihi.

Tazama tarakimu za mwisho za hizo nne: 6, 8, 6, 8. Watu wa kale waliona hivyo wakasema zitaendelea kupishana daima. Tupime dai hilo kwa mzunguko.

Andika 2 kwa kipeo cha 1, 2, 3, 4 na kuendelea: 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128, 256. Tarakimu za mwisho ni 2, 4, 8, 6, kisha 2, 4, 8, 6 tena. Ni mzunguko wa hatua nne. Ili kujua tarakimu ya mwisho ya kipeo chochote, gawanya kipeo kwa 4 utazame baki. Katika kanuni ya Euklidi, kipeo lazima kiwe namba tasa. Tuache 2 yenyewe, inayotoa 6. Namba tasa nyingine zote ni witiri, kwa hiyo zikigawanywa kwa 4 zinabakisha 1 au 3.

Kipeo kikibakisha 1, ile namba inaishia na 2, ukitoa 1 inaishia na 1, na nusu yake, ambayo ni hatua moja nyuma katika mzunguko, inaishia na 6. Moja mara 6 ni 6. Kipeo kikibakisha 3, namba inaishia na 8, ukitoa 1 inaishia na 7, na nusu yake inaishia na 4. Saba mara 4 ni 28, inaishia na 8. Basi ni kweli kwamba kila namba inayotoka katika kanuni hii inaishia na 6 au 8. Lakini kupishana? Vipeo vya namba nne za kwanza ni 2, 3, 5 na 7, na ndivyo vilivyoleta 6, 8, 6, 8. Vinavyofuata ni 13 na 17, na vyote viwili vinabakisha 1 kwa 4. Kwa hiyo ya tano na ya sita zote zinaishia na 6, nazo ni 33550336 na 8589869056. Mpangilio ulioonekana mara nne ulivunjika mara ya sita, na aliyejua mzunguko aliweza kulitabiri hilo bila kuzihesabu.

Kanuni hiyo hiyo inajibu maswali ya mitihani yetu. Ukiulizwa tarakimu ya mwisho ya 7 kwa kipeo cha 301, andika mzunguko: 7, 9, 3, 1. Gawanya 301 kwa 4, inabaki 1, kwa hiyo jibu ni la kwanza katika mzunguko, 7. Makosa yanayojirudia hapa ni mawili. La kwanza ni kutazama tarakimu ya mwisho ya kipeo badala ya kukigawanya kwa 4: mtu anaona kipeo cha 12, anachukua 2, anasema 9, wakati 12 kwa 4 haibaki kitu na jibu ni 1. La pili linatokana na hilo: baki ikiwa sifuri, baadhi huandika tarakimu ya kwanza ya mzunguko, ilhali sifuri ina maana kwamba tumemaliza mizunguko kamili na tumesimama kwenye tarakimu ya nne.

Mizani na udhaifu wake

Wahasibu wa zama za Ibn al-Haytham walikuwa na kipimo cha kukagua hesabu walichokiita mizani: kutupa tisa tisa. Unajumlisha tarakimu za kila namba mpaka ibaki moja, unafanya hesabu kwa hizo ndogo, kisha unalinganisha. Tukague 7 × 43 = 301. Arubaini na tatu inakuwa 7, na 7 mara 7 ni 49, inakuwa 13, inakuwa 4. Upande wa pili, 301 inakuwa 4. Mizani imelingana.

Lakini tuseme aliyenakili alichoka akaandika 310. Jumla ya tarakimu bado ni 4, na mizani italingana vile vile. Kipimo cha 9 hakioni tarakimu zilizobadilishana mahali, kwa sababu kwake makumi na mamoja ni kitu kimoja. Mizani isipolingana, hesabu ina kosa hakika. Ikilingana, bado hujathibitisha kwamba ni sahihi.

Dawa ni kuongeza kipimo cha 11, ambacho hutoa na kujumlisha tarakimu kwa zamu kuanzia kulia. Kwa 301 tunapata 1 − 0 + 3, yaani 4. Kwa 310 tunapata 0 − 1 + 3, yaani 2. Na zao lenyewe? Arubaini na tatu kwa 11 inabaki 10, mara 7 ni 70, na 70 kwa 11 inabaki 4. Namba 301 imepita, 310 imekamatwa.

Baada yake

Ibn al-Haytham alifariki Kairo kiasi cha mwaka 1040, akiwa ameandika pia kitabu cha kuhoji makosa ya Batlamyus, mwanachuoni ambaye kitabu chake alikinakili kila mwaka ili apate riziki. Mwenyezi Mungu amrehemu. Swali la 301 liliendelea kusafiri. Fibonacci, kijana wa Pisa aliyejifunza hesabu katika bandari ya Bugia, Aljeria ya leo, aliliweka katika kitabu chake cha mwaka 1202, pamoja na ndugu yake mkubwa zaidi: namba inayobakisha 1 kwa kila mgawanyo kuanzia 2 hadi 10, na isiyobakisha kitu kwa 11.

Hilo la mwisho msomaji anaweza kulifanya kwa njia zote mbili. Kumi na moja ni namba tasa, basi njia ya kwanza inafaa: zidisha 1 hadi 10, upate 3628800, uongeze 1. Kwa njia ya pili, kigawe kidogo cha shirika cha 2 hadi 10 ni 2520, na 2520 kwa 11 inabaki 1. Kwa hiyo 2520 ikichukuliwa mara kumi inabaki 10, ukiongeza 1 unapata 11 kamili. Jibu dogo ni 25201. Lipime kwa 11 kwa zamu kutoka kulia: 1 − 0 + 2 − 5 + 2 ni sifuri.